Mkataba wa Picha za Harusi na Sura Zilizomo Ndani Yake

Picha yenyewe niliipiga barazani, Mji wa Kale wa Mombasa, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeshajificha nyuma ya nyumba za upande wa pili na mwanga umelainika. Walikuwa watu kumi na wawili: bibi harusi katikati, mumewe kuume kwake, mama, mashangazi, na watoto wawili wamechuchumaa mbele. Baba wa bibi harusi hakuwepo. Alikuwa kazini Maskati na likizo alinyimwa. Kabla sijakunja vyombo vyangu, mama alinivuta kando akaniuliza, "Mwanangu, huwezi kumtia babake hapo nyuma? Mbona siku hizi mwayafanya haya kwa kompyuta." Nikamwambia yawezekana. Mzee mwenyewe sikumwuliza, na mkataba niliouandika haukunitaka nimwulize.

Miezi minane baadaye nilipigiwa simu na bibi harusi. Ukumbi waliofanyia sherehe ulikuwa umetundika bango jipya. Nilikuwa nimewapa picha moja ya harusi ile ili waonyeshe maua na jukwaa walivyolipamba. Wao waliipitisha kwenye programu ya akili mnemba, wakabadilisha sura ya bibi harusi, wakamvua mtandio, wakamwachia nywele mabegani. Sura haikuwa yake wala nywele hazikuwa zake, lakini mikono ilikuwa yake. Piko lile lililopanda kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko lilichorwa na mtu mmoja anayejulikana mtaani, na mashangazi walilitambua mara moja. Kwao, bango lile lilikuwa ni mtoto wao amewekwa kichwa wazi barabarani.

Nilipourudia mkataba, niliona kwamba yote mawili, la baba na la bango, yalikuwa yamepitia sentensi moja. Ilisema: "Mpigapicha anaruhusiwa kutumia na kurekebisha picha kwa ajili ya matangazo." Sentensi hiyo, au ndugu yake, imo katika mikataba mingi ya wapigapicha wa harusi niliyoisoma tangu hapo. Imenakiliwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na iliandikwa zama ambazo kurekebisha kulikuwa ni kuongeza mwanga na kufuta chunusi. Leo sentensi hiyo moja inabeba vitendo vitatu visivyofanana: kuunganisha picha kadhaa ziwe moja, kuitumia picha mahali pengine, na kuilisha picha mashine ili izae picha nyingine. Kila kimoja kinahitaji ridhaa yake, na anayepaswa kuitoa si yule yule kila mara.

Tuanze na mwenye picha, kwa sababu hapa wapigapicha wengi wa Kenya wanakosea. Tunaamini kwamba aliyebonyeza kamera ndiye mwenye hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyofanywa kwa kuagizwa na mtu, hakimiliki yake inahesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Harusi ni kazi ya kuagizwa. Kama mkataba umenyamaza, mwenye picha ni mteja, na mpigapicha anayeigawa picha hiyo kwa ukumbi anagawa mali ya mwenziwe. Kwa hiyo kifungu cha kwanza kinachopaswa kuandikwa si cha akili mnemba kabisa. Ni kile kinachotaja hakimiliki iko kwa nani, na yule asiyekuwa nayo ana leseni ya kufanya nini. Mimi naandika hivi: "Hakimiliki ya picha inabaki kwa mpigapicha. Mteja ana leseni ya kudumu, bila malipo zaidi, ya kuchapisha, kuhifadhi na kuwapa jamaa zake picha kwa matumizi yasiyo ya biashara." Wengine huchagua kinyume chake, na hakuna ubaya, ilimradi iandikwe na itiwe saini.

Lakini kuwa na hakimiliki si kuwa na sura ya mtu. Hapo inaingia sheria nyingine, ya Ulinzi wa Data ya 2019. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi hata kama faili ni yako. Tena sheria hiyo inaweka imani ya mtu, hali yake ya ndoa na habari za familia yake katika fungu la data nyeti, na picha ya harusi inayasema yote hayo kwa mtazamo mmoja. Kuitumia data ya mtu kwa biashara kunataka ridhaa yake ya wazi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyebadilisha sura ya mtu. Waliionyesha tu.

Basi mkataba wa harusi una pande mbili zilizotia saini, na picha ina watu kumi na wawili. Tofauti hiyo ndiyo shida yote. Bwana harusi aliyelipa hawezi kuridhia kwa niaba ya shangazi wa mkewe.

Nirudi kwa yule baba. Picha ya kuunganisha, iliyoombwa na mteja mwenyewe, huonekana haina madhara, na ndiyo sababu mikataba haiitaji. Nilitumiwa picha yake kwa WhatsApp, amekaa mezani na wenzake, amevaa shati. Picha zinazopita huko kwa kawaida hubanwa, na hii ilinifikia ikiwa na nukta 1,600 upande wake mrefu. Kichwa cha mzee kilikuwa na nukta 90 hivi kwenda juu. Katika picha yangu ya barazani, vichwa vya wenzake vilikuwa na nukta 350. Ili alingane nao ilibidi akuzwe karibu mara nne kwa urefu na mara nne kwa upana, maana yake kwa kila nukta kumi na tano za uso wake, moja tu ndiyo ilitoka kwake. Zile kumi na nne zilibuniwa na programu ya kukuza picha. Iliziba pengo la jino alilokuwa nalo tangu ujana. Kovu dogo juu ya nyusi ililichukua kuwa ni uchafu, ikalifuta. Kisha nikamvisha kanzu, kwa sababu shati halikufaa kwenye picha ile.

Mama alifurahi. Binti aliitazama muda mrefu akasema, "Ni baba, lakini si baba." Nimekutana na hali hiyo mara nyingi baadaye, na sasa najua namna ya kuipima kabla ya kuahidi. Napima kichwa cha anayeletwa na vichwa vya waliopo. Kama kinahitaji kukuzwa zaidi ya mara mbili, sikubali mpaka niletewe picha asili kutoka kwenye simu iliyoipiga, iliyotumwa kama hati na si kama picha ya kawaida. Natazama pia mwanga unatoka upande gani. Kivuli cha pua kikianguka kushoto kwa mtu mmoja na kulia kwa kumi na wawili, jicho la kila mtazamaji litakataa hata kama hawezi kusema kwa nini.

Kutokana na kisa hicho, kifungu changu cha kuunganisha kina mambo manne, na niliyaandika kwa sentensi ndefu moja ili yasitenganishwe: "Mpigapicha hataongeza, hataondoa wala hatahamisha mtu katika picha ila kwa ombi la maandishi la mteja na ridhaa ya maandishi ya mtu anayeongezwa, au ya mzazi wake kama ni mtoto; mavazi na mwili wake havitabadilishwa bila yeye kukubali; picha ya awali isiyounganishwa itakabidhiwa pamoja na iliyounganishwa; na iliyounganishwa itaandikwa hivyo katika albamu na ndani ya faili." Ujumbe wa simu unatosha kuwa maandishi. Unahifadhiwa pamoja na mkataba.

Kuhusu marehemu, ambao huombwa mara nyingi kuliko wanaosafiri, naandika jina la mwanafamilia anayeridhia kwa niaba ya familia. Nimeona ndugu wawili wakigombana juu ya picha ya marehemu mama yao aliyewekwa kwenye harusi ya mmoja wao. Mpigapicha hana la kusema katika ugomvi huo, lakini anaweza kujua mapema kama upo.

Kuna marekebisho madogo ambayo si busara kuyafungia kifungu hiki. Kubadilisha macho yaliyofumba kwa macho ya yule yule kutoka fremu iliyopigwa sekunde moja kabla ni kuunganisha pia kwa maana ya kiufundi, ila ni mtu yule yule, saa ile ile, mahali pale pale. Hayo nimeyaruhusu moja kwa moja, na nimeyataja.

Matumizi ya baadaye yana njia nyingi kuliko mteja anavyodhani anapotia saini. Picha huenda kwenye ukurasa wa mpigapicha, kwenye albamu ya kuonyesha wateja wapya dukani, kwa mpambaji wa ukumbi, kwa aliyechora hina, kwa mshonaji wa gauni, kwenye mashindano. Neno "matangazo" halisemi ya nani. Mimi nilidhani nimempa mwenye ukumbi ruhusa ya kuonyesha maua yake, naye alidhani amepewa picha. Kwa hiyo sasa mkataba wangu una orodha ya matumizi, kila moja na kisanduku chake tupu. Bibi harusi anatia alama mwenyewe, na kisanduku kisichotiwa alama ni hapana. Anayepewa picha na mimi hupokea pia maandishi mafupi: itumike wapi, kwa muda gani, isikatwe, isiunganishwe, isipitishwe kwenye programu ya kuzalisha picha, isipewe mtu wa tatu. Bila kuyajibu kwa kukubali, hapati faili.

Muda nimeuweka miaka 2. Hakimiliki ya picha Kenya hudumu miaka 50, lakini sura ya mtu haifai kutangaza biashara ya mwingine nusu karne. Ndoa huvunjika. Mtu huanza kuvaa buibui baada ya miaka kadhaa na hapendi picha za zamani zionekane. Sheria ya data inampa haki ya kuondoa ridhaa wakati wowote, ingawa yaliyofanyika kihalali kabla hayageuki kuwa kosa. Kilichokuwa kinakosekana ni utaratibu, kwa hiyo nimeandika: ataondoa kwa ujumbe kwenye namba hii, nami nitaondoa mtandaoni ndani ya saa 48 na kuwajulisha wote niliowapa.

Usiku wa kupamba una kifungu chake peke yake. Wanaoijua Mombasa hawahitaji kuelezwa: ni wanawake peke yao, simu hukusanywa mlangoni, na bibi harusi hutolewa nje kichwa wazi, amevaa dhahabu na asumini, mbele ya wenzake tu. Wapigapicha ni wanawake. Lakini baada ya usiku ule faili huenda wapi? Katika mikataba niliyoiona, kifungu huishia kwenye nani alishika kamera. Hakisemi nani anazihariri, na wengi wetu tunatuma kazi kwa wahariri wa kulipwa kwa kila picha, ambao hatujui ni mwanamume au mwanamke wala yuko nchi gani. Naandika kwamba picha za kupamba zitahaririwa na wanawake waliotajwa majina, katika kompyuta isiyounganishwa na hifadhi ya mtandaoni, hazitatumika kwa tangazo lolote hata kwa kukata sehemu ya mkono au vazi, na zitafutwa kwangu siku 90 baada ya kukabidhiwa. Baada ya bango lile najua kwa nini hata mkono peke yake unahitaji kutajwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mashine, nayo ina mambo matatu. Ukichagua eneo katika Photoshop na kubonyeza Generative Fill, kazi haifanyiki kwenye kompyuta yako. Sehemu ya picha husafiri mpaka kwenye seva za kampuni, matokeo yakarudi. Mpigapicha anaona ameondoa waya wa umeme juu ya paa. Kisheria ameitoa picha nje ya mikono yake, na huenda nje ya nchi, na data nyeti ya mtu kushughulikiwa nje ya Kenya kunataka ridhaa yake pamoja na uhakika wa ulinzi. Simwambii mwenzangu aache kutumia chombo hicho. Namwambia aandike kwamba anakitumia, na kwa nini. Kifungu changu kinaruhusu programu za namna hiyo kwa vitu visivyo na uhai, kama waya, taka, gari lililoegeshwa vibaya, na kinakataza kabisa kwa uso, nywele, ngozi, mwili na mavazi, na kwa picha yoyote ya kupamba.

Jambo la pili ni picha mpya inayozalishwa kutokana na ya mteja: bibi harusi yule yule akiwa ufukweni ambako hakufika, au kiwiliwili chake kikiwa na sura ya mtu asiyekuwepo duniani, kama ilivyokuwa kwenye bango. Wapo wanaodhani kwamba sura ikishabadilishwa, mtu hayumo tena na ridhaa haihitajiki. Piko lilikanusha hilo. Mtu hutambulika kwa mikono, kwa gauni lililoshonwa mara moja tu, kwa baraza ya kwao. Ndiyo maana sitaji sura pekee: "Hakuna picha mpya itakayozalishwa kwa kutumia picha ya mteja au jamaa zake, nzima au sehemu yake, hata kama sura imebadilishwa, bila ridhaa ya maandishi kwa kila picha itakayozalishwa." Nasisitiza maneno ya mwisho. Ridhaa ya jumla kwa picha ambayo bado haipo ni ridhaa kwa jambo ambalo mtu hajaliona.

La tatu ndilo zito kuliko yote, ingawa halionekani. Wapigapicha wengine hufundisha programu kwa kazi zao za miaka, ili ijifunze mtindo wao wa rangi, au hata ijue kutengeneza picha zinazofanana na zao. Mtindo wa rangi hauna madhara makubwa. Lakini programu ya kuzalisha iliyofundishwa kwa nyuso za wateja haina droo ambamo uso wa fulani unaweza kuchomolewa siku atakapoondoa ridhaa. Bango laweza kuteremshwa na ukurasa ukafutwa, ila kilichokwisha kufunzwa hakisahau kwa kuambiwa. Ridhaa isiyoweza kuondolewa haipatani na sheria inayosema yaweza kuondolewa, kwa hiyo hapa sina kisanduku cha kutia alama. Nimeandika kwamba picha za mteja hazitatumika kufundisha programu ya kuzalisha picha, basi, na kwamba nitazima chaguo lolote la namna hiyo katika programu ninazotumia.

Mteja naye anafungwa kidogo. Atapitisha picha kwenye vichujio vya simu, na akiwa nyumbani kwake hilo ni lake. Ninachoomba ni kwamba asiweke jina langu kwenye picha iliyobadilishwa hivyo. Sheria ya hakimiliki inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa kiasi cha kumvunjia heshima, haki ambayo hubaki naye hata akiuza nyingine zote, lakini kwenda mahakamani na mteja kwa sababu ya kichujio ni jambo nisilolitaka.

Yote haya yanahitaji ushahidi, la sivyo ni maneno. Naweka faili ghafi za kamera kwa muda wote wa ruhusa, maana ndizo zinazoonyesha mtu alivyokuwa. Faili iliyokamilika naiandikia ndani asili yake kwa msimbo wa IPTC unaosomwa na programu za picha. Picha iliyounganishwa kutoka picha za kamera tu huandikwa `compositeCapture`. Ile ya baba, ambayo uso wake ulikuzwa kwa kubuniwa, ingeandikwa hivi:

```
exiftool -XMP-iptcExt:DigitalSourceType="http://cv.iptc.org/newscodes/digitalsourcetype/compositeWithTrainedAlgorithmicMedia" familia_12.jpg
```

Alama hiyo hupotea picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, na yeyote anaweza kuifuta. Haimzuii mkosaji. Inamsaidia yule atakayeipata faili kwenye diski miaka ishirini ijayo na kutaka kujua kama babu alikuwepo. Kwa sababu hiyo hiyo naandika pia kwa wino, chini ya picha, kwenye albamu.

Fidia nimeiandika, ila nimeiweka nyuma ya kuondoa. Familia ile haikutaka shilingi. Walitaka bango lishuke kabla ya Ijumaa, watu hawajapita kwenda msikitini. Mkataba wangu wa zamani haukunipa kitu cha kumwonyesha mwenye ukumbi. Nilimwendea kwa maneno matupu, nikarudi mara tatu, likashuka Jumatatu.

Na kuna ambayo mkataba hauyafikii hata uandikwe vipi. Mgeni aliyepiga kwa simu yake hakusaini nami. Anayenakili picha kutoka kwenye ukurasa wa bibi harusi mwenyewe hakusaini na mtu. Sheria zinawahusu, lakini karatasi yangu haiwahusu, na namwambia mteja hivyo siku ya kusaini ili asidhani amenunua ulinzi nisioweza kumpa.

Yule mzee nilimpigia mwishowe, mwaka mmoja baada ya harusi. Nilimweleza nilichofanya, nikamwomba radhi, nikamwuliza kama nifute. Alikaa kimya kidogo. "Niache hapo na wanangu," alisema, "lakini kanzu hiyo nivue, si yangu. Na jino langu nirudishie." Alinitumia picha asili kutoka kwenye simu ya mwenzake, kichwa kikiwa na nukta 400, akiwa na shati lake la kazini, na pengo na kovu vikionekana. Nikaitengeneza upya na kuichapisha upya ukurasa ule wa albamu kwa gharama yangu. Chini yake niliandika: "Baba yuko Maskati. Amewekwa hapa kwa ridhaa yake."